Malaria kwa Mjamzito na kwa Mtoto Mdogo: Kimelea Kimoja, Kazi Mbili

Kimelea kinachosababisha sehemu kubwa ya malaria nchini Tanzania, Plasmodiamu falsiparamu, kina tabia inayokifanya kiwe hatari kuliko ndugu zake. Chembe nyekundu ya damu inayokibeba huanza kunata. Badala ya kuendelea kuzunguka mwilini, hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo na kukaa hapo mpaka vimelea vilivyomo vipevuke na kuipasua. Kwa mtoto mdogo, kunata huko kukitokea kwenye mishipa ya ubongo huleta degedege na kupoteza fahamu. Kwa mjamzito hutokea ndani ya kondo la nyuma, na mama mwenyewe anaweza asihisi chochote. Kwa hiyo malaria ya mtoto hukimbia, na malaria ya mjamzito hujificha. Muuguzi wa jamii akiishika tofauti hiyo ataelewa kwa nini mtoto mwenye homa hupimwa kwanza ndipo apewe dawa, ilhali mjamzito asiye na homa wala maumivu hupewa vidonge vitatu avimeze palepale mbele ya mtoa huduma.

Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtu mzima ameumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupambana. Anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akaenda shambani. Mtoto hana kinga hiyo. Katika miezi ya mwanzo hulindwa kwa kiasi na kinga aliyoipata kwa mama yake, lakini kinga hiyo hupungua, na kuanzia karibu na miezi 6 hadi miaka 5 yumo katika kipindi kibaya kuliko vyote. Hicho ndicho kipindi ambacho homa ya asubuhi inaweza kuwa degedege la usiku.

Swali gumu zaidi ni kwa nini mwanamke mzima aliyekwisha kujenga kinga aipoteze anapopata mimba. Wauguzi wanafunzi wengi huandika kwamba kinga ya mwili hushuka wakati wa mimba. Jibu hilo si kosa, ila halijafika mwisho. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vilivyotolewa kwenye kondo la nyuma hunata kwenye kitu cha jamii ya sukari kilichomo ndani ya kondo hilo, tofauti na vitu ambavyo vimelea vya watu wengine hunatia. Kondo la nyuma ni kiungo kipya mwilini. Kinga ya zamani haijawahi kukutana na vimelea vinavyojua kunata mahali hapo, kwa hiyo haivitambui. Hii ndiyo sababu mimba ya kwanza huumia zaidi, ya pili huumia kiasi, na zinazofuata hupata nafuu kwa kuwa mwili umeshajifunza. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI hukosa nafuu hiyo, na anaweza kuumia katika kila mimba.

Vimelea vikijaa kwenye kondo la nyuma, chakula na hewa safi humfikia mtoto kwa shida. Mtoto huzaliwa na uzito chini ya gramu 2,500, au huzaliwa njiti, au hufia tumboni. Upande wa mama, chembe nyekundu huendelea kupasuliwa kimyakimya na damu hupungua. Mama mwenye damu pungufu akivuja kidogo wakati wa kujifungua huwa hana akiba, na kuvuja ambako mwenzake angekuvumilia kunaweza kumuua. Kwa sababu hiyo, dalili ya kwanza ya malaria kwa mjamzito wa nyanda za chini mara nyingi si homa. Ni viganja vyeupe, kuchoka upesi, na moyo kwenda mbio anapopanda kilima.

Mfano mmoja utaonyesha kazi inavyokwenda. Mama wa miaka 22 anatoka kijiji cha wakulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Anafika zahanati saa nne asubuhi kwa mahudhurio yake ya kwanza ya kliniki ya wajawazito. Ni mimba yake ya pili. Hakumbuki vizuri siku ya mwisho ya hedhi, lakini kilele cha mfuko wa uzazi kiko vidole viwili hivi chini ya kitovu, na kwa makadirio mimba ina wiki 18. Mgongoni amembeba mtoto wake wa miaka 2, mwenye uzito wa kilo 11, ambaye tangu jana mwili wake ni wa moto. Mama hana homa. Anasema yeye mwenyewe hana tatizo, ila mtoto asaidiwe.

Kwa muuguzi aliyefundishwa vizuri, mtoto ndiye anayeanza, kwa sababu ugonjwa wake ndio unaokwenda mbio. Kabla ya kipimacho joto na kabla ya tone la damu, yapo maswali manne ambayo majibu yake huamua kila kitu kinachofuata. Je, mtoto hawezi kunywa wala kunyonya? Je, anatapika kila anachopewa? Je, amepata degedege katika ugonjwa huu? Je, amelegea kupita kawaida au hana fahamu? Ndiyo moja tu kati ya hayo ni dalili ya hatari, na hapo habari ya vidonge vya kwenda navyo nyumbani imekwisha. Muuguzi haulizi tu bali huangalia: humwomba mama ampe mtoto maji au ziwa, na kutazama kama anameza.

Mtoto wa mfano huu anakunywa maji, ametapika mara moja tu, hajapata degedege na analia kwa nguvu. Joto lake ni nyuzi 38.9. Viganja vyake si vyeupe sana, na shingo si ngumu. Muuguzi anahesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia na kupata 34. Kwa mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Hatua hii husahauliwa mara nyingi, na madhara yake ni makubwa. Mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na nimonia kwa pamoja, na kipimo cha malaria kikitoa jibu la ndiyo hakijafuta nimonia. Homa ya mtoto haina sura moja inayosema hii ni malaria. Anaweza kuharisha, kukohoa, kukataa kula au kusumbua tu usiku kucha, na yale matetemeko ya baridi yanayosimuliwa na watu wazima yasionekane kabisa.

Kipimo cha haraka cha malaria huchukua tone la damu ya kidole na kutafuta protini inayoachwa na kimelea. Majibu husomwa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kikisomwa mapema mstari hafifu huweza kukosekana, na kikiachwa hadi mchana huweza kuonyesha mstari usio wa kweli. Kuna udhaifu mwingine ambao muuguzi hana budi kuufahamu. Protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mtoto aliyetibiwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili ingawa amepona. Ndiyo maana muuguzi humuuliza mama kama mtoto alitumia dawa ya malaria hivi karibuni, na ndiyo maana kipimo hiki hakitumiki kuhakikisha kwamba matibabu yamefaulu. Kwa kazi hiyo hutumika hadubini, ambayo huwaona vimelea wenyewe na kuwahesabu.

Mtoto ana malaria, na ni malaria isiyo kali. Dawa yake ni ALu, ambayo wengi huiita dawa mseto kwa sababu ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Artemeta huua vimelea wengi kwa haraka sana, lakini huisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini huua polepole na hukaa siku nyingi, ikiwamaliza wale waliobaki. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Kwa mtoto huyu wa kilo 11 ni vidonge 6 kwa jumla. Cha kwanza huyeyushwa kwenye maji kidogo na kunyweshwa palepale zahanati saa nne asubuhi. Mama husubiri nusu saa akiwa amekaa na mtoto, kwa kuwa akitapika ndani ya muda huo dozi hurudiwa. Ya pili ni baada ya saa 8, yaani saa kumi na mbili jioni. Kuanzia kesho yake ni asubuhi na jioni, kwa siku mbili.

Makosa mawili huharibu matibabu haya nyumbani. La kwanza ni tumbo tupu. Lumefantrini huingia kwenye damu vizuri ikimezwa pamoja na mafuta, na hayahitajiki mengi: ziwa la mama, maziwa ya ng'ombe au uji uliotiwa karanga vinatosha. La pili ni kuacha dawa siku ya pili. Artemeta imeshafanya kazi, joto limeshuka, mtoto anacheza, na mama kwa nia njema kabisa anaviweka vidonge vilivyobaki ili vimfae homa ikirudi. Vimelea waliosalia hukosa wa kuwamaliza, na homa hurudi kweli. Kumwambia mama "maliza dozi" hakumsaidii sana. Kumweleza kwamba dawa ni mbili, moja ya kupunguza na nyingine ya kumaliza, humpa sababu ya kuendelea hata mtoto akiwa mzima machoni pake. Muuguzi mzuri humwomba mama arudie kwa maneno yake mwenyewe saa za dawa, na hapo ndipo hujua kama ameeleweka.

Joto hushushwa kwa parasetamoli, robo ya kidonge cha miligramu 500 kwa mtoto wa uzito huu, na kwa kumpunguzia nguo. Mama huambiwa arudi iwapo homa haijaondoka baada ya siku 3, na arudi saa hiyohiyo, hata usiku, akiona mojawapo ya zile dalili nne.

Sasa jambo moja katika mfano libadilishwe: mtoto yuleyule alipata degedege alfajiri, na anapofikishwa zahanati hawezi kukaa bila kushikwa. Hii ni malaria kali, na zahanati haiwezi kuimaliza, ila kinachofanyika katika nusu saa ya kwanza hapo zahanati huweza kuamua kama atafika hospitali akiwa hai. Mtoto hulazwa kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke. Haingizwi kijiko wala kidole mdomoni, wala hanyweshwi dawa ya maji akiwa hana fahamu, maana itaingia mapafuni. Hupewa sindano ya artesuneti kabla ya safari. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, na kutangazwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba watoto waliopewa artesuneti walikufa wachache kuliko waliopewa kwinini kwa takriban 22%. Tangu hapo kwinini imekuwa dawa ya akiba.

Hesabu ya sindano hiyo hupendwa na watahini, na huokoa maisha ikifanywa sawasawa. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa kuwa mwili mdogo huiondoa dawa hii upesi zaidi. Mwenye kilo 20 na kuendelea, pamoja na mjamzito, hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 11 anahitaji miligramu 33. Kichupa cha miligramu 60 kinachotumia bikaboneti huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti iliyokuja nacho, kikitikiswa mpaka maji yawe maangavu. Kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 za maji ya chumvi ya sindano, na kila mililita huwa na miligramu 20. Miligramu 33 ukizigawa kwa 20 ni mililita 1.65, na kwa desturi ya dawa hii hesabu hupandishwa hadi mililita 2, kwenye paja la mbele. Dawa iliyochanganywa hutumiwa ndani ya saa moja, iliyobaki hutupwa. Hospitalini sindano hurudiwa baada ya saa 12 na saa 24, kisha mara moja kwa siku. Mtoto akishaweza kumeza, na si kabla ya saa 24 za sindano, humaliziwa kwa dozi kamili ya ALu. Wapo wanaoruka hatua hiyo ya mwisho kwa kuona mtoto ameamka, na ugonjwa hurejea.

Mahali pasipo na mtu wa kuchoma sindano, mtoto wa chini ya miaka 6 huwekewa artesuneti ya njia ya haja kubwa, kwa kadiri ya miligramu 10 kwa kilo, makalio yakishikwa pamoja kwa dakika kadhaa. Ikitoka ndani ya nusu saa huwekwa nyingine. Hatari ya dawa hii inatokana na wema wake. Mtoto huonekana amepata nafuu, na familia huona hakuna haja ya kukodi pikipiki kwenda hospitali. Inawapunguza vimelea kwa muda tu, na asiyefikishwa hospitali hajatibiwa.

Kitu kingine kinachoua njiani ni upungufu wa sukari. Vimelea hula sukari ya damu, na mtoto mwenyewe hajala. Vijiko vidogo 4 vya sukari vilivyosawazishwa, katika maji safi mililita 200, hutoa kinywaji ambacho mtoto anayemeza hupewa mililita 30 hadi 50 kabla ya kuondoka. Asiyeweza kumeza hupewa mililita 50 kwa mpira wa puani kama yupo mwenye ujuzi huo. Barua ya rufaa huandikwa uzito, dozi na saa iliyotolewa, ili hospitali isianze upya gizani.

Degedege ni neno linalobeba mengi katika pwani ya Tanzania na mikoa ya jirani. Kwa watu wengi si matokeo ya homa bali ni ugonjwa unaojitegemea, unaoletwa na shetani au ndege, na tiba yake iko kwa mganga. Bagamoyo zimeandikwa tiba kama kumwogesha mtoto mkojo au kumfukiza moshi wa kinyesi cha tembo. Imani iliyo ngumu zaidi kwa muuguzi ni ile isemayo kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo ina mzizi unaoeleweka: watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa mahututi, wakachomwa sindano, na wakafa kwa kuchelewa. Waliobaki wakakumbuka sindano. Muuguzi anayeibeza imani hii hupoteza familia nzima. Anayeanza kwa kumuuliza bibi ameona nini, kisha akaeleza kwamba homa ile ya jana ndiyo iliyozaa degedege la leo, huwa na nafasi ya kusikilizwa. Bibi asiachwe nje ya mazungumzo hayo, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeamua mtoto apelekwe wapi.

Mtoto akishahudumiwa, muuguzi humgeukia mama, ambaye alisema hana tatizo. Kipimo cha haraka alichopimwa kama mahudhurio ya kwanza yanavyotaka kimetoa jibu la hapana. Lakini wekundu wa damu ni gramu 9.4, na kwa mjamzito chini ya 11 ni upungufu. Majibu haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Damu ya kidole ni damu inayozunguka, na vimelea vilivyonata kwenye kondo la nyuma havizunguki. Jibu la hapana kwa mjamzito asiye na homa halithibitishi kwamba kondo lake ni safi.

Hapo ndipo SP inapoingia. Ni vidonge 3 vinavyomezwa kwa mara moja, kila kimoja kikiwa na sulfadoksini miligramu 500 na pirimethamini miligramu 25. Zamani SP ilikuwa tiba. Tanzania iliichukua mwaka 2001 baada ya klorokwini kushindwa, kisha ikaiachia nafasi hiyo ALu. Leo kazi yake kwa mjamzito ni kusafisha kondo la nyuma kila baada ya muda bila kusubiri dalili. Hutolewa kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, haitolewi kabla ya hapo, na kati ya dozi na dozi hupita angalau wiki 4. Shirika la Afya Duniani hutaka dozi zisipungue 3, na zinaweza kuendelea hadi wakati wa kujifungua. Mama wa wiki 18 akianza leo anaweza kupata nyingine wiki ya 22, 26, 30, 34 na hata 38. Anayefika kliniki mara ya kwanza akiwa na miezi 8 amepoteza nafasi ambazo hazirudi. Ni kweli vimelea vya maeneo mengi, hasa kaskazini mashariki mwa nchi, vimejenga usugu dhidi ya SP. Hata hivyo watoto wa akina mama walioimeza bado huzaliwa na uzito bora, na ndiyo maana haijaachwa.

Vidonge humezwa mbele ya muuguzi. Kanuni hii ni rahisi kuitaja, lakini hukwama kwenye kikombe. Zahanati isiyo na maji safi ya kunywa na vikombe vya kutosha huishia kuwapa akina mama vidonge waende navyo, na vingi haviliwi, kwa sababu imevuma kwamba SP hutoa mimba. Wengine hurudishwa nyumbani kwa kuwa hawajala, wakati SP inaweza kumezwa hata tumbo likiwa tupu. Ndoo yenye koki na vikombe sita huongeza dozi zinazomezwa kuliko mabango mengi ukutani.

Wapo wasiopewa. Mama mwenye mzio wa dawa za salfa hapewi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi pia, kwani dawa hizo ni za jamii moja, na kuziunganisha huweza kuleta madhara makubwa ya ngozi. Mama ambaye kipimo chake kimeonyesha malaria hutibiwa kwa ALu, na SP huahirishwa hadi mahudhurio yanayofuata. Mtego mwingine uko kwenye foliki asidi. Kidonge cha kuongeza damu cha kliniki chenye foliki asidi ya miligramu 0.4 hakigombani na SP. Kile cha miligramu 5 hulisha kimelea kitu ambacho SP inajaribu kukinyima, na kuibatilisha. Kwa mama huyu mwenye gramu 9.4 kishawishi cha kumpa kile kikubwa kipo. Anachohitaji ni madini ya chuma kila siku, dawa ya minyoo, SP, na kupimwa tena damu mahudhurio yajayo.

Mjamzito akiugua malaria isiyo kali hutibiwa kwa ALu, vidonge 4 kwa kila dozi kwa mwenye kilo 35 na zaidi. Katika miezi mitatu ya kwanza kwinini ndiyo iliyotegemewa kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ALu itumike hata kipindi hicho. Malaria kali hutibiwa kwa artesuneti ya sindano katika mwezi wowote wa mimba, kwa kuwa hatari ya kumwacha mama bila dawa ni kubwa kuliko hofu ya dawa. Jambo moja halisamehewi, darasani wala wodini: mjamzito wa zaidi ya wiki 20 anayepata degedege asidhaniwe kuwa na malaria tu. Hupimwa shinikizo la damu na protini kwenye mkojo, maana kifafa cha mimba hufanana nayo na tiba yake ni nyingine kabisa. Sukari ya damu hupimwa hapohapo, kwa kuwa mjamzito mwenye malaria kali hupungukiwa nayo upesi, na akipewa kwinini hupungukiwa zaidi.

Elimu ya kinga kwa familia hii huanzia kwenye chandarua, na bonde la Kilombero lina historia yake katika jambo hilo. Mradi wa KINET uliofanyika Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la 27% la uhai wa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Chandarua kipya huanikwa kivulini kwa siku moja kabla ya kutumiwa, ili kisiwashe ngozi. Hufuliwa taratibu kwa sabuni ya kipande, bila kusuguliwa kwenye jiwe, na hukaushwa kivulini kwa kuwa jua huua dawa. Pindo huingizwa chini ya godoro au mkeka, na tundu hushonwa siku linapoonekana.

Lakini mama wa mpunga halali kijijini mwaka mzima. Msimu wa kulinda ndege na nguruwe familia huhamia kwenye dungu shambani, umbali wa saa kadhaa kutoka zahanati, na chandarua hubaki nyumbani kimefungwa vizuri juu ya kitanda kitupu. Muuguzi anayeuliza "mna chandarua?" hujibiwa ndiyo, na jibu ni la kweli. Swali lenye faida ni "jana usiku mtoto alilala wapi, ndani ya nini?" Hapo mazungumzo hufika kwenye kamba nne za kufungia chandarua shambani, na kwenye vidonge vya mama ambavyo navyo lazima visafiri.

Mambo mengine yanayofundishwa kwa bidii hayana nguvu inayodhaniwa. Kufyeka majani na kufukia makopo huifanya nyumba kuwa safi na hupunguza mbu wengine, ila Anofelesi aenezaye malaria huzaliana zaidi kwenye maji yaliyo wazi kwa jua: majaruba ya mpunga, madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe. Familia iliyoambiwa kwamba majani ndiyo malaria hufyeka uwanja, kisha hulala bila chandarua ikiamini imemaliza kazi.

Kwa mtoto imeongezeka silaha nyingine. Chanjo ya RTS,S ilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2019 magharibi mwa Kenya, Ghana na Malawi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, na chanjo ya R21 ikafuata mwaka 2023. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walikuwa miongoni mwa walioshiriki utafiti wa chanjo hizi. Hutolewa kuanzia miezi 5, dozi 4, na hupunguza malaria bila kuiondoa, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa akipata homa hupimwa kama mwingine yeyote.

Mama wa mfano huu anaondoka zahanati saa sita mchana. Mkobani ana vidonge 5 vya mtoto vilivyobaki, vidonge vyake vya kuongeza damu, kadi yenye tarehe ya kurudi baada ya wiki 4, na chandarua kipya anachostahili kila mjamzito katika mahudhurio ya kwanza. Kingine hutolewa mtoto aliye tumboni atakapofikisha miezi 9 na kuletwa kwa chanjo ya surua.